Nilimtumia kijana wa ofisini imeili ya kumpa kazi, akaniletea kitu kingine kabisa. Kosa ni la nani?

#1 Mshumaa_Mfupi

Wakuu habari. Nina kijana chini yangu, ana miezi mitano kazini, mchapakazi na ana adabu. Jumanne ya tarehe 11 nilimwandikia hivi, naiweka kama ilivyo:

> Kichwa: Orodha
>
> Habari. Naomba uisafishe hii orodha ya wateja, ina majina yanayojirudia. Naihitaji Ijumaa kabla ya saa 10. Ukikwama uliza. Asante.

Nikaambatisha faili la Excel lenye mistari 1,460. Ijumaa saa nne asubuhi nafungua sanduku, hakuna kitu. Nampigia, ananiuliza kwa upole, "Si ulisema saa kumi, bosi?" Akaileta saa tisa na nusu alasiri, kwa hesabu yake kawahi. Mistari imebaki 1,118. Kufungua ndani nakuta wateja wenye matawi matatu wamebaki na tawi moja. Ile orodha ilikuwa ya kuchapisha lebo za bahasha, kwa hiyo matawi yaliyofutwa yasingepata barua. Kazi ya kuchapa imesogezwa wiki nzima.

Mkubwa wangu anasema kosa ni langu. Mimi naona niliandika Kiswahili chepesi kabisa na nikamwambia aulize. Mnaonaje?

#2 Tumbili_Mzima

Kichwa cha imeili "Orodha". Ya nini, ya harusi? 😂

#3 MzeeWaFaili

Kosa la kijana. Sisi tulipoanza kazi ukipewa jambo hujalielewa unarudi kuuliza, hungoji Ijumaa. Lakini na wewe umekosea kitu kimoja: mtu wa miezi mitano anaandikiwa hatua zote. Fungua hapa, bonyeza pale, hifadhi kwa jina hili. Ukimwachia nafasi ya kufikiri umemwachia nafasi ya kuharibu. Na sasa hiyo mistari iliyofutwa imekwenda, Excel ikishahifadhiwa na kufungwa hairudishi kitu.

#4 KalamuBuluu

Mshumaa, nimesimamia watu muda mrefu na imeili kama hiyo nimeiandika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Achana na suala la kosa kwanza, angalia neno moja: "yanayojirudia". Unadhani lina maana moja. Halina.

Ungekuwa unataka kuwapigia wateja simu, anayejirudia ni yule mwenye namba ileile. Ungekuwa unahesabu una wateja wangapi, kampuni yenye matawi matatu ni mteja mmoja, na kijana wako angekuwa amefanya sawasawa. Wewe ulitaka bahasha, kwa hiyo anayejirudia ni yule mwenye jina na anwani vilevile. Bahasha haiendi kwa jina, inaenda mlangoni. Orodha ni moja na imetoa majibu matatu tofauti, na kinachochagua jibu ni matumizi. Matumizi hukuyaandika popote, hata kwenye kichwa.

Ndiyo maana sikubaliani na Mzee hapo juu. Ungemwandikia hatua kumi za kubonyeza, angezifuata zote na bado angefuta matawi, kwa sababu hata wewe ulipokuwa unaandika hukuyakumbuka. Sentensi moja tu, "orodha hii itachapishwa kwenye lebo za bahasha, kila mlango upate barua moja", ingempa uwezo wa kushtuka mwenyewe alipoona anwani mbili.

#5 DadaHesabu

Marekebisho kidogo kwa #3. Ni kweli kitufe cha kutengua hakikumbuki kitu ukishafunga faili. Ila orodha ya asili haijapotea: Mshumaa aliituma kama kiambatisho, ipo kwenye barua alizotuma. Aipakue upya.

Halafu nabashiri kilichotokea. Kijana amechagua `Remove Duplicates`, akaacha alama kwenye safu ya jina pekee. Ile amri inaweka mstari wa kwanza inaokutana nao na kufuta wote wanaofuata wenye jina hilo, bila kukuonyesha ni nani hao. Inakupa idadi tu. Nimekosea?

#6 Mshumaa_Mfupi

#5 hujakosea hata kidogo, ndivyo alivyofanya. Na ile ya asili nimeipata, asante. Nimelinganisha: kati ya 342 zilizofutwa, 251 zilikuwa zinajirudia kweli na 91 ni matawi au anwani nyingine. Kwa hiyo orodha sahihi ingebaki na 1,219.

#7 Tumbili_Mzima

1,460 toa 251 ni 1,209, bosi. Naanza kumwonea huruma kijana.

#8 Mshumaa_Mfupi

1,209. Nimekubali.

#9 Njia_Panda

Mkuu mimi nadhani ungeandaa barua ya makabidhiano yenye sahihi za pande mbili na shahidi. Mimi nilipokwenda likizo nilimkabidhi mwenzangu funguo, mafaili na orodha ya vifaa, na niliporudi hakuna kilichopotea.

#10 KalamuBuluu

#9 hiyo ni kukabidhi ofisi, unaondoka na mzigo unabaki na mwenzako. Mshumaa hakuondoka. Yeye amekasimu: kazi inafanywa na kijana, lakini bahasha zikikosea anayeulizwa ni Mshumaa. Ndiyo maana mkubwa wake alimfuata yeye.

#11 Njia_Panda

Sawa, nilisoma haraka. Ila sahihi haijawahi kumdhuru mtu.

#12 Kinda_wa_Pili

Naomba niseme kwa upande wetu wadogo. Hilo neno "ukikwama uliza" linaonekana la huruma ila kwetu ni fumbo. Niulize nani? Nikukatize kwenye kikao? Na huyu kijana hakukwama! Alibonyeza, ikakubali, idadi ikashuka, akaona amemaliza. Mtu anayekosea bila kujua hakwami, kwa hiyo hata wazo la kuuliza halimjii.

Mimi niliwahi kuambiwa "ukikwama muone fulani wa idara ya pili". Nikaenda. Fulani akaniangalia akasema, "Mimi sijaambiwa chochote, mwambie mkubwa wako aniandikie." Mkubwa alikuwa safarini. Siku mbili nimekaa, naona aibu kumpigia kwa jambo dogo vile. Kazi ilipochelewa nikaambiwa sina ubunifu.

#13 MzeeWaFaili

Aibu haijazi dawati mwanangu. Ungepiga simu.

#14 Kinda_wa_Pili

Shikamoo mzee. Ningepiga, halafu ungesema vijana wa siku hizi hawawezi kufanya jambo bila kushikwa mkono.

#15 MzeeWaFaili

Marahaba. Hapo umenipata, nimeshawahi kusema hivyo.

#16 Saa_Mbovu

Jamani mbona hamuongelei saa? Kwangu hiyo ndiyo kesi yenyewe. "Saa 10" kwa tarakimu ina wasomaji wawili: mmoja anasoma saa kumi jioni kama anavyotamka kila siku, mwingine anasoma 10:00 ya kwenye kompyuta, ambayo ni saa nne asubuhi. Tofauti ni saa sita kamili, nusu ya siku ya kazi na zaidi. Mimi nikiandika muda naweka vyote viwili, "saa nne asubuhi (10:00)". Inaonekana kama nambembeleza mtoto lakini tangu nianze hakuna aliyeniletea kazi jioni.

Tarehe nazo vilevile. 03/04 kuna anayeisoma tarehe 3 mwezi wa nne na kuna anayeisoma tarehe 4 mwezi wa tatu. Andika jina la siku na tarehe pamoja. Ukikosea moja, nyingine inakushtaki.

#17 Mshumaa_Mfupi

Nilikuwa naangalia kalenda ya kompyuta wakati naandika, ndiyo maana ikatoka 10. Hata sikufikiria.

#18 AliyekuwaKambini

Jeshini hili walishalimaliza. Amri inataja kusudi la mkubwa, jinsi ya kulifikia anaachiwa aliye uwanjani. Wamarekani ndio walioanzisha baada ya vita kuu ya pili.

#19 KalamuBuluu

Wazo ni hilo, chimbuko silo. Jeshi la Prusia, dola ya Wajerumani wa zamani, lilikuwa na utaratibu huo karne ya 19, na jina linalotajwa zaidi ni la jenerali wao Moltke, yule mzee. Wengine waliuchukua baadaye. Ila kumbuka kitu kimoja, maofisa wale walikuwa wamefunzwa pamoja miaka mingi kabla ya kuachiwa waamue. Kijana wa miezi mitano hajafunzwa na Mshumaa kiasi hicho. Ndiyo maana lengo peke yake halitoshi, mpe na mipaka.

#20 Tumbili_Mzima

Tulianza na bahasha, tumeshafika Prusia. Nawasubiri mrudi.

#21 Mshumaa_Mfupi

Turudi basi. Kazi inarudiwa wiki hii, nataka kumwandikia upya kesho. KalamuBuluu, ungeiandikaje?

#22 KalamuBuluu

Najaribu. Majina ya watu nimeacha wazi.

> Kichwa: Orodha ya lebo za bahasha: naihitaji Ijumaa tarehe 21, saa nne asubuhi
>
> Habari za kazi. Nakuomba uirudie orodha ya wateja niliyoambatisha (mistari 1,460). Itachapishwa kwenye lebo za bahasha Ijumaa mchana, na tunataka kila anwani ipate barua moja: isikose na isipate mbili. Kwa hiyo mteja mwenye matawi matatu anabaki na mistari mitatu.
>
> Usifute mstari wowote. Ongeza safu mwishoni, iite "Ondoa", uweke "ndiyo" kwa inayojirudia. Jina na anwani vikiwa sawa kabisa, amua mwenyewe, huna haja ya kuniuliza. Vikikaribiana tu, kwa mfano jina moja limefupishwa, weka "sijui". Usimpigie mteja.
>
> Anwani usiyoielewa muulize (fulani) wa usambazaji, nimeshaongea naye, anakutegemea Jumatano na Alhamisi asubuhi. Swali la nini kibaki na nini kitoke niulize mimi, kwa simu.
>
> Jumatano tarehe 19 saa nane mchana (14:00) nitumie mistari 100 ya kwanza uliyoikagua, hata kama si safi. Ukiona Ijumaa haitawezekana, nijulishe Alhamisi kabla ya saa sita mchana, bado nitaweza kumwambia mchapaji.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hiyo "sijui". Mtu mdogo kazini akipewa ndiyo na hapana pekee, atachagua mojawapo hata asipokuwa na hakika, maana kuacha wazi kunaonekana uvivu. Ukimpa mahali halali pa kuweka mashaka yake, utayaona kabla hayajachapishwa.

#23 DadaHesabu

Hapo kwenye "usifute" nakuunga mkono kwa mikono miwili. Safu ya alama unaikagua kwa dakika tano, mstari uliofutwa hauonekani kabisa.

Naongeza tu kwamba "sawa kabisa" kwa macho si sawa kabisa kwa mashine. Nafasi moja tupu mwisho wa jina inatosha Excel kuona ni wateja wawili. Kwa hiyo Mshumaa, zile 251 zako sina uhakika nazo, huenda ni zaidi. Mwambie atengeneze safu ya pembeni ya kusafisha nafasi kwanza:

```
=TRIM(A2)
```

Kisha alinganishe hiyo.

#24 MzeeWaFaili

Ahaa! Sasa si mnamwandikia hatua? Nilisema nini #3?

#25 KalamuBuluu

Mzee una haki nusu. Hatua moja ambayo asiyeijua hawezi kuigundua, mpe. Ila mpe baada ya lengo, na umwambie sababu, ili akikutana na jina lenye nukta katikati ajue kwamba ni ugonjwa uleule.

#26 Kinda_wa_Pili

Mimi hiyo barua ningeipokea kwa furaha, ila kuna vitu viwili. Kwanza "nimeshaongea naye" liwe kweli, msiliandike kwa mazoea. Pili, huyo wa usambazaji mwekeni kwenye `Cc`, ili nikienda nisiwe mgeni.

#27 Saa_Mbovu

`Cc` napinga. Ukimnakili mtu, kijana anajisikia anachungwa, na aliyenakiliwa anaona si yake, haisomi. Unapata hasara mbili kwa herufi mbili. Mwandikie wa usambazaji barua yake fupi pembeni.

#28 Kinda_wa_Pili

Ukimwandikia pembeni nitajuaje umemwambia nini? Nikifika akaniambia "mimi najua ni matawi tu", tunaanza upya.

#29 DadaHesabu

Ofisini kwetu mkubwa akimnakili mtu, anaandika mstari wa kwanza jina lake na kazi yake: "fulani, upo hapa kwa sababu ya anwani". Hata hivyo kuna mmoja bado anasema hakuona. Sina jibu la hili.

#30 BiMkubwa_Mkaguzi

Nimesoma wote. Mimi naona tatizo lilianza kabla ya imeili. Kwa nini kazi ya mistari 1,460 ianze kwa barua? Mwite, keti naye dakika kumi, fungueni faili pamoja, mwonyeshe mteja mmoja mwenye matawi. Kisha yeye ndiye akuandikie: nimeelewa kwamba lengo ni hili, siruhusiwi hili, mwisho ni lini, nimuulize nani. Ukisoma maneno yake utajua mara moja kama ameelewa. Barua ya bosi inaonyesha alichokijua bosi tu.

#31 Mshumaa_Mfupi

Bi Mkubwa hilo zuri, ila kijana yuko jengo jingine na siku mbili kwa wiki hayupo. Ndiyo maana naandika.

#32 BiMkubwa_Mkaguzi

Simu basi. Na hata kwa barua, mstari wa mwisho uwe: "Nijibu kwa maneno yako unachokwenda kufanya kwanza." Usiulize "umeelewa?" Hilo kila mtu hujibu ndiyo.

#33 AliyekuwaKambini

Kambini tulirudia amri kwa sauti. Anayesema "ndiyo afande" bila kurudia alikuwa anarudishwa.

#34 Tumbili_Mzima

Swali la kizembe: hiyo mistari 100 ya Jumatano si ndiyo kumchunga kwenyewe?

#35 KalamuBuluu

Inategemea umeitangaza lini. Ukimwambia tangu Jumanne kwamba Jumatano saa nane utaangalia, ni sehemu ya kazi. Ukimtokea ghafla Jumatano na "hebu nione umefika wapi", umemchunga. Na 100 si namba ya kanuni, ni kiasi cha kutosha kukutana na angalau matawi machache. Kama makosa yapo, yataonekana wakati zimebaki siku mbili, siyo saa mbili.

#36 MzeeWaFaili

Mimi bado nasema barua ya Kalamu ni ndefu. Kijana ataisoma kwenye simu, atafika kwenye "usifute" halafu betri iishe.

#37 KalamuBuluu

Kweli ni ndefu kuliko ya Mshumaa. Kijana akishaizoea kazi hii, aya ya pili yote inakuwa "kama mara ya mwisho". Kwa mara ya kwanza siikati. Ila nikilazimishwa, nitakata "habari za kazi" kabla ya kukata lengo.

#38 Mshumaa_Mfupi

Mrejesho. Nimeituma Jumanne karibu kama ya #22, nikaongeza `TRIM` ya DadaHesabu na mstari wa Bi Mkubwa wa mwisho. Mtu wa usambazaji nimempigia kwanza, sikumnakili. Kijana kajibu baada ya nusu saa, nanukuu:

> Nimeelewa bosi. Kila mlango barua moja, sifuti, naweka alama. Ila kuna wateja kama sita hivi anwani ni moja lakini majina ni tofauti, nadhani ni kampuni mbili ndani ya jengo moja. Mlango mmoja, barua moja au mbili?

Nimekaa nalitazama swali hili. Sikuliwaza kabisa.

#39 DadaHesabu

Na `Remove Duplicates` kwa jina isingelionyesha hata siku moja.

#40 Tumbili_Mzima

Kijana apandishwe cheo, Mshumaa apelekwe usambazaji.

#41 KalamuBuluu

Hilo kosa ni la kwangu, ni mimi niliyeandika "kila anwani". Ilipaswa kuwa kila mteja katika kila anwani. Umjibu nini inategemea ndani ya bahasha kuna nini. Kama ni taarifa ya akaunti ya mteja, ni mbili bila mjadala. Kama ni tangazo la jumla, moja inaweza kutosha.

#42 Mshumaa_Mfupi

Ni taarifa za akaunti. Kwa hiyo mbili. Ila wawili kati ya hao sita nahisi ni kampuni moja iliyobadili jina, namsubiri wa usambazaji apokee simu.

#43 Saa_Mbovu

Ulimwambia unampigia saa ngapi?

#44 Mshumaa_Mfupi

Saa 9. 🤦

#45 Tumbili_Mzima

😂😂😂